Salamu za asubuhi zisituzibe masikio

Jumanne moja ya muhula wa pili, katika shule ya upili niliyokuwa nikifunza viungani mwa mji wa Kitale, watahiniwa 42 waliketi ukumbini kwa dakika 40 bila karatasi ya mtihani. Karatasi zilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Mimi nami nilikuwa ndani ya matatu iliyotoka Kiminini, nikitazama mashamba ya mahindi bila wasiwasi wowote, kwa kuwa nilijua mtihani ungeanza saa tatu. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ameusogeza hadi saa mbili, na taarifa yake aliituma alfajiri katika kundi letu la WhatsApp. Sikuiona. Ilikuwa imezikwa chini ya salamu.

Jioni hiyo niliketi nikazihesabu jumbe za asubuhi ile moja baada ya nyingine. Kati ya saa 11:12 alfajiri na saa 1:05 kundi la walimu 38 lilikuwa limepokea jumbe 46. Salamu za maneno matupu zilikuwa 29. Picha za waridi, za vikombe vya chai na za jua linalochomoza zilikuwa 11. Sala zilikuwa nne, na porojo moja ya siasa ilikuwa imetoka kundi jingine. Ya 46 ndiyo iliyokuwa taarifa ya mtihani.

Ndugu msomaji, usidhani nataka kumlaumu aliyetuma waridi. Kosa lilikuwa langu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimechoshwa na milio ya alfajiri, nikafungua mpangilio wa kundi, nikagusa "Mute notifications" na kuchagua "Always". Simu ikanyamaza. Lakini simu haijui kutenga waridi na mtihani: ukilizima kundi, umeizima salamu na umeizima taarifa pamoja. Hapo ndipo ilipo hasara hasa ya salamu zilizopindukia. Kupoteza dakika chache za kusoma si neno. Neno ni kwamba salamu hizo huwafanya watu wazibe masikio, na masikio yakishazibwa hayasikii hata linalowahusu.

Kwa nini salamu, ambayo ni jambo jema, igeuke kero? Nadhani jibu limo katika maumbile ya salamu yenyewe. Salamu ya Kiswahili ni nusu ya mazungumzo; hudai nusu ya pili. Hujambo hudai sijambo, shikamoo hudai marahaba, na kule Bungoma, mulembe hudai mulembe. Asiyeitikia huonekana ana kinyongo. Ana kwa ana, deni hili hulipwa mara moja likaisha. Mwalimu akiingia majilisi asubuhi na kusema "Hamjambo, walimu", waliomo huitikia kwa sauti moja, kisha kila mtu hurudi kwa daftari zake. Aingiaye ndiye asalimuye, na waliomo huitika pamoja.

Kundi la simu halina mlango. Hakuna aliyemo na hakuna aingiaye. Kila mtu akiamka hujiona ndiye anayeingia, hivyo husalimu. Wala hakuna sauti moja ya pamoja. Kila jibu husimama peke yake kama ujumbe mpya. Ujumbe mmoja katika kundi la watu 38 hugonga simu 37. Jumbe zetu 46 za Jumanne ile, kwa hesabu hiyo, zilikuwa arifa 1,702. Hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia kupiga kelele kiasi hicho. Kila mmoja alisema asubuhi njema mara moja tu, kwa adabu.

Dini ya Kiislamu ililiona jambo hili zamani kabla ya simu. Mtu akilisalimu kundi, kuitikia ni faradhi ya kifaya: akiitika mmoja, wengine wote wameondokewa na wajibu. Hata asiyekuwa Mwislamu anaweza kuona hekima iliyomo. Salamu haikuachwa bila jibu, na jibu halikugeuzwa mzigo.

Baada ya mwaka huo nilihamia shule nyingine, katika kaunti ya Bungoma. Huko nilikuta kinyume cha Kitale. Msimamizi wa kundi alikuwa amechoshwa na mambo yaya haya, akaenda kwenye mipangilio na kuagiza kwamba wasimamizi pekee ndio watakaotuma ujumbe. Tulipata ratiba, tukapata tarehe za mikutano, basi. Nikafurahi. Nikamwambia mwenzangu kwamba hatimaye nimepata walimu wenye akili.

Furaha yangu ilidumu hadi likizo ya Agosti. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akifunza hisabati, mtu mkimya aliyeishi peke yake katika chumba cha kupanga karibu na shule, aliugua malaria siku ya pili ya likizo. Alilala siku tatu akiwa na homa kali, hawezi hata kuchota maji. Mwenye nyumba ndiye aliyemkuta siku ya nne akampeleka hospitali, naye, namshukuru Mungu, akapona. Alipotusimulia baadaye, nilikumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kuwa nasi Kitale kabla yetu sote kuhama, na kwamba kule hakuwahi kukosa kuandika neno lile lile kila asubuhi: "Mulembe." Laiti kundi la Bungoma lingekuwa na nafasi ya salamu, mtu angeuliza siku ya pili, "Mwalimu wa hisabati yu wapi?"

Hilo lilinifunza kazi ya salamu ambayo sikuwa nimeiona. Salamu hututambulisha aliye salama, na kwa hiyo hutuonyesha aliyenyamaza. Ukiifuta, umefuta kero na umefuta pia jicho la kundi. Basi Kitale ilikosea kwa wingi, na Bungoma ikakosea kwa kukatiza.

Lipo lililo katikati, na tulilijaribu pale Bungoma muhula uliofuata, baada ya walimu kuzungumza na msimamizi. Kwanza tulitenga makundi mawili. Moja ni la taarifa, ambalo wasimamizi pekee huandika, na tulikubaliana kwamba hakuna atakayelizima. La pili ni la walimu wote, la salamu, pole na hongera, na mwenye kutaka kulizima alizime bila kuulizwa.

Katika kundi hilo la pili, mwalimu wa zamu ndiye asalimuye, naye husalimu mara moja, si kabla ya saa 12:30. Sisi wengine hatuandiki jibu. Tunabonyeza ujumbe wake kwa muda na kuchagua alama, mkono au moyo. Uwezo huu WhatsApp iliuleta mwaka wa 2022, na faida yake haionekani mpaka uifikirie: alama hiyo humfikia aliyeandika pekee, haigongi simu za wengine. Kwa walimu 38, salamu moja hugonga simu 37, na alama 37 humrudia msalimu. Jumla ni 74, nasi tumeitikiana sote. Linganisha na zile 1,702.

Jambo la tatu ni la lugha, na hapa nasema na walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao. Katika insha ya barua ya kirafiki tunawafunza vijana wasalimu kwa sentensi mbili tatu, kisha waseme "baada ya salamu" na kuingia katika kusudi. Mtoto anayejaza ukurasa mzima kwa "natumai u buheri wa afya" tunampunguzia alama, kwa sababu hajamwambia msomaji kitu. Sisi wenyewe je? Chukua salamu hii: "Habari za asubuhi wapendwa, nawatakia siku njema yenye baraka na mafanikio tele." Ni njema, lakini ingeweza kutumwa jana, ingeweza kutumwa kesho, na ingeweza kutumwa kwa kundi la wauza viazi. Sasa soma hii: "Hamjambo, walimu. Mvua imekata barabara ya kwa chifu, wanaopita huko waondoke mapema. Pole kwa mwalimu wa jiografia, mwanawe amelazwa jana." Hii haiwezi kutumwa siku nyingine wala kwa watu wengine. Hicho ndicho kipimo changu. Salamu inayoweza kubandikwa popote si salamu tena, ni tangazo.

Kwa kipimo hicho hicho, picha ya waridi iliyopitishwa makundi kumi haimsalimu mtu yeyote. Tena ina uzito. Picha moja aghalabu huwa na kilobaiti 100 hadi 200, na picha 11 kwa siku, kwa wiki 13 za muhula, ni zaidi ya megabaiti 70 za data ambazo mwalimu hulipa kwa senti zake. Na siku kundi linapopokea habari za msiba, picha kama hiyo huwa jeraha. Tulikubaliana kwamba habari ya msiba ikitua, salamu ya siku hiyo imekwisha. Kinachofuata ni pole tu.

Shikamoo nayo inahitaji uangalifu. Ni salamu ya mdogo kwa mkubwa. Ukiitupa katikati ya kundi lenye mwalimu mkuu wa miaka 58 na mwalimu mwanagenzi wa miaka 24, hujulikani unamwamkia nani, na wa rika lako atashindwa kuitikia. Ukitaka kumwamkia mkubwa wako, mwandikie yeye.

Mpango wetu una upungufu wake. Alama si daftari la mahudhurio, na siku msimamizi alipoanza kuuliza kwa nini fulani hakubonyeza, watu walianza kubonyeza bila kusoma. Ikabidi tumwombe aache. Mzee mmoja wetu hapendi alama. Huandika "Marahaba, wanangu" kila asubuhi hata kama hakuna aliyemwamkia. Tumemwacha. Na anayekaa kimya siku mbili mfululizo, hatumwulizi kundini mbele ya watu. Mwalimu wa zamu humpigia simu.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu. Siku ya Alhamisi alama zilifika 36. Nilitazama ni nani asiyekuwepo, nikampigia. Alikuwa Chwele sokoni, simu imekaribia kuzima, akacheka na kuniuliza kama kuna taarifa iliyompita. Nikamjibu hakuna, nilitaka kumjulia hali tu.