Chaja Ijaribiwe Kibiti Kabla ya Kupanda Boti

Mwalimu afundishaye katika delta ya Rufiji, huko Salale, Mbwera au Kiongoroni, hanunui chaja ya simu kama anunuavyo mwenzake wa Dar es Salaam. Yeye humpigia simu mfanyabiashara wa Kariakoo, humtumia fedha kwa simu hiyo hiyo, na kifurushi chake hupakiwa katika basi hadi stendi ya Kibiti. Hapo hukipokea, hupanda pikipiki hadi Nyamisati, kisha hukaa ndani ya boti hadi kijijini. Nyumba inayoingojea chaja hiyo mara nyingi ni ya miti ya mikoko na paa la makuti, na hakuna gari la Zimamoto liwezalo kuvuka maji kwenda kuizima.

Kwa hiyo chaja inayopata moto kupita kiasi si kero ndogo kwa mtu huyu. Hata hivyo, inapomwunguzia godoro au simu, aghalabu huitupa mtoni kwa hasira na kununua nyingine. Hapo ameitupa haki yake pamoja nayo, maana hakuna mwamuzi atakayehukumu juu ya kitu kilichokwisha kuliwa na maji ya chumvi.

Ni vema kwanza ijulikane chaja mbovu hutambuliwaje. Chaja ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Ikiwa imetengenezwa vizuri, hupoteza wati moja au mbili tu kwa njia ya joto, na ndiyo sababu huwa vuguvugu mkononi. Kupata uvuguvugu si kosa. Lakini ikimshinda mtu kuishika kwa sekunde chache, ikitoa harufu ya plastiki inayoungua, ikivuma, au mwili wake ukianza kulainika, hiyo ni hatari. Ndani ya kifaa hicho kidogo mna umeme wa volti 230 upande mmoja na volti 5 upande wa pili. Kinachozitenganisha ni nafasi ya milimita chache na kihami cha transfoma. Mtengenezaji wa bidhaa bandia hubania hasa hapo, kwa kuwa mnunuzi hawezi kupaona. Joto likiyeyusha kihami hicho, umeme wa ukutani waweza kufika hadi kwenye waya ambao mtoto ameushika.

Sasa achukuliwe mwalimu mmoja wa kufikirika, aliyepokea chaja yake Kibiti saa nne asubuhi. Akiipeleka moja kwa moja kijijini na kuichomeka katika inveta ya sola, nayo ikaungua, muuzaji atakuwa na majibu mawili tayari. Atasema inveta ndiyo mbovu, au atasema chaja ililowa maji ya chumvi botini. Ni lazima ikubaliwe kwamba majibu hayo si ya upuuzi. Inveta duni kweli huweza kuipasha chaja moto, na chumvi kweli hula shaba. Delta imo mtoni chini ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lakini kaya nyingi huko zingali zikitegemea jua, na muuzaji analijua hilo.

Mwalimu huyo akiomba nafasi dukani hapo stendi, akaichomeka katika umeme wa TANESCO na kuichaji simu yake kwa nusu saa huku akiishika kila baada ya dakika kumi, majibu yote mawili yanakufa. Kasoro ikionekana hapo, ilitoka Kariakoo nayo. Na aichomoe kwa kuzima kwanza swichi, asiishike iliyoyeyuka, wala asiifungue. Aipige picha pamoja na maandishi ya ubavuni yanayotaja jina, volti na ampea, na mwenye duka aandike jina lake kuwa shahidi. Kisha aifunge kavu ndani ya kopo, pamoja na waya wake na boksi lake.

Risiti ya mashine ya kielektroniki ndiyo ushahidi bora, lakini asiyepewa hajapoteza kila kitu. Ujumbe wa malipo ya simu una jina la mpokeaji, kiasi na saa. Stakabadhi ya mzigo ya basi inaonyesha siku kifurushi kilipotoka na kilipofika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi, usifutwe.

Wa kwanza kudaiwa ni muuzaji, wala si kiwanda cha ng'ambo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humtaka mfanyabiashara auze kitu kifaacho kwa kazi yake, naye hawezi kujitetea kwamba hakukitengeneza yeye. Yale maneno ya dukani, "mali ikishauzwa hairudishwi", hayamwondolei wajibu huo. Adaiwe kwa maandishi, atajiwe siku ya kujibu, na adaiwe kwa hesabu: bei ya chaja, nauli ya kifurushi, na simu kama nayo imeharibika. Barua ya kulalamika bila hesabu hupata pole na hakuna zaidi.

Akikaa kimya, njia huachana, na hapa ndipo wengi hukosea. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo la kuarifiwa kwamba bidhaa hatari iko sokoni. Linaweza kuchukua sampuli, kuipima na kuiondosha bidhaa hiyo madukani. Lakini mwananchi asitazamie TBS imlipe godoro. Fidia huombwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Chaja iliyobandikwa jina la kampuni isiyoitengeneza, au iliyoandikwa ampea isizoweza kutoa, ni udanganyifu kwa mlaji, na aliyepata hasara kwa kosa la namna hiyo huweza kuiomba Tume amri ya kulipwa katika muda wa miaka mitatu. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Pakiwapo moto, apate pia taarifa ya polisi na barua ya mtendaji wa kijiji aliyeona mabaki kabla hayajafagiwa.

Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia kwa sababu kila simu ina namba yake. Mwaka huo huo Samsung iliziita zirudi simu zake za Galaxy Note 7, ambazo betri zake zilikuwa zikishika moto, na namba zilisaidia kuwajua wenye nazo. Chaja ya bei ndogo haina namba iwezayo kufungiwa kutoka mbali. Haiwezi kupatikana isipokuwa kwa mlalamikaji mwenyewe aliyeihifadhi.

Lakini mlalamikaji huyo yuko delta, na nauli ya kufuata ofisi Dar es Salaam inapita bei ya chaja mara nyingi. Halmashauri ya Kibiti ina afisa biashara. Akiwekewa daftari moja la malalamiko ya bidhaa hatari, akapokea kopo lenye chaja na nakala za stakabadhi, akaziandikia TBS na FCC kila mwezi, chaja tano za jina moja kutoka kwa muuzaji mmoja zitaonekana pamoja katika ukurasa mmoja. Leo hii tano hizo ziko katika vijiji vitano, kila moja na mwenyewe aliyekwisha kukata tamaa, na muuzaji anaendelea kupakia vifurushi kwenye basi la asubuhi.