"Nimekurudishia" si salio

Muuzaji akikuambia "nimekurudishia," usikimbilie kupanga matumizi. Sisi tunaona hiyo pesa bado ni deni unalodai, na mahali pake ni kwenye daftari, si kwenye hesabu ya salio. Tena kila njia ya malipo ina ngoja-ngoja yake.

Kwa simu, muuzaji akishatuma, pesa huingia papo hapo na SMS inafika. Kama hujaona SMS baada ya saa kadhaa, kuna uwezekano mkubwa bado hajatuma.

Kwa benki, marejesho ni malipo mapya kabisa. Lazima mtu wa hesabu aketi ayafanye. PesaLink hufika mara moja na RTGS siku hiyohiyo, kwa hivyo mara nyingi kinachochelewa ni mtu, si benki. Muulize: umetuma lini, kwa njia gani?

Kadi ndiyo husumbua watu. Marejesho hupita benki ya muuzaji, mtandao wa kadi, kisha benki yako, na siku 5 hadi 10 za kazi ni kawaida. Lakini kama malipo yalikuwa bado "Pending," pesa ilikuwa imeshikwa tu, haijatoka. Yakifutwa, hutaona mstari mpya wa marejesho. Mstari wa kwanza unapotea na salio linapanda. Wengi hungoja marejesho ambayo tayari yamefika.

Tuseme una duka, na Jumatatu tarehe 2 oda tatu zimefutwa: 6,000 ulilipa kwa simu, 9,500 kwa benki, 4,500 kwa kadi. Jumla 20,000. Andika hivi:

Simu: 6,000, nambari ya muamala, fuatilia tarehe 3.
Benki: 9,500, nambari ya rejea, fuatilia tarehe 5.
Kadi: 4,500, risiti ya kurudishiwa, fuatilia tarehe 16.

Tarehe 3 zile za simu zimeingia, lakini ni 5,900, kwa sababu muuzaji amekata gharama ya kutuma. Andika kilichoingia kando ya ulichotarajia. Unadai 100 kwa simu na 14,000 kwa zingine, basi usiagize mzigo wa 14,000 leo. Usifute pia malipo ya kwanza kwenye daftari. Yaache, na marejesho yaingie kama mstari wake, la sivyo utayahesabu mara mbili.

Tarehe 5 ikifika bila kitu, mpigie muuzaji wa benki. Wa kadi mwache kwanza, maana kumsumbua siku ya tatu hakuharakishi chochote. Tarehe 16 ikipita, muombe nambari ya rejea ya marejesho uipeleke kwa benki yako. Kwa nambari hiyo wataitafuta, lakini ukienda na "aliniambia ametuma" utarudi mikono mitupu.