Bima ya Nyumba Isiyokua na Gharama za Ujenzi

Mwananchi anapokata bima ya nyumba, hutaja kiasi ambacho kampuni italipa nyumba ikiteketea. Kiasi hicho huandikwa katika hati ya bima, naye hulipa ada yake kila mwaka kwa imani kwamba amelindwa. Lakini bei za saruji, nondo, mabati na ujira wa fundi hazisimami pamoja na maandishi ya hati. Hapa Kenya, kwa mfano, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka ya saruji inayoagizwa kutoka nje. Hakuna mwenye nyumba aliyeandikiwa na kampuni yake ya bima kwamba siku hiyo ulinzi wake ulikuwa umepungua.

Wengi hudhani kwamba upungufu huo utawaumiza tu iwapo nyumba itateketea yote. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu hati nyingi zina sharti linaloitwa kanuni ya wastani. Kwa sharti hilo, aliyekata bima pungufu huhesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki ya hatari, hata hasara ikiwa ndogo.

Tuchukulie nyumba iliyokatiwa bima ya shilingi milioni 6, kiasi kilichotosha kuijenga upya wakati huo. Gharama za ujenzi zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka mitano nyumba ile ile itahitaji takriban milioni 8. Moto unaunguza jiko na sehemu ya paa, na matengenezo yanagharimu 1,600,000. Mwenye nyumba anasema moyoni kwamba hasara hiyo iko chini sana ya milioni 6. Mkadiriaji wa hasara, hata hivyo, hugawanya milioni 6 kwa milioni 8 na kupata robo tatu. Fidia basi ni 1,200,000, na shilingi 400,000 zinatoka mfukoni mwa mwenye nyumba. Kama ada ni asilimia 0.15 ya kiasi kilichokatiwa bima, kukiinua kiasi hicho hadi milioni 8 kungemwongezea shilingi 3,000 tu kwa mwaka.

Dawa yake si ngeni. Kiasi cha bima huunganishwa na fahirisi ya gharama za ujenzi, nacho hupanda kila hati inapohuishwa. Fahirisi ikitoka 100 hadi 106, milioni 6 huwa 6,360,000, na ada hufuata. Suala ni kuchagua fahirisi ifaayo. Ile ya bei za walaji haifai, kwa kuwa hubeba unga, nauli na mengineyo yasiyojenga ukuta. Bei ya soko haifai pia, kwani ndani yake mna thamani ya ardhi, na ardhi haiungui. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutoa kila robo mwaka fahirisi ya bei za pembejeo za ujenzi. Hiyo ndiyo iliyo karibu na haja yetu.

Sidai kwamba fahirisi inamaliza kila jambo. Ikiwa kiasi cha awali kilikuwa kidogo mno, fahirisi huendeleza kosa hilo mwaka hadi mwaka. Haijui kwamba umeongeza vyumba viwili nyuma, wala kwamba kabla ya kujenga utahitaji kubomoa, kuondoa kifusi na kumlipa msanifu. Kwa hiyo makadirio mapya ya gharama ya kujenga upya yanahitajika kila baada ya miaka michache, na kila nyumba inapobadilishwa.

Aliyekopa benki ana mtego wa ziada. Bima ikikatwa kwa kiasi cha deni lililobaki, hupungua kila mwaka huku gharama za ujenzi zikipanda. Benki imelindwa; familia haijalindwa.

Wako watakaosema kwamba ada itapanda bila ridhaa ya mteja. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana napendekeza mteja awe na haki ya kukataa kwa maandishi. Lakini utaratibu wa sasa humwachia asiye mtaalamu kazi ya kufuatilia bei za ujenzi, kisha humkata fidia kwa kutoifanya.

Mamlaka ya Kudhibiti Bima iagize kwamba bima za nyumba za makazi zipandishwe kwa fahirisi iliyotajwa katika hati, isipokuwa mteja akikataa. Ilani ya kuhuisha bima ioneshe mambo matatu kwa lugha nyepesi: kiasi cha mwaka jana, kiasi cha mwaka huu baada ya fahirisi, na mwaka ambao gharama ya kujenga upya ilikadiriwa mara ya mwisho. Na pale kampuni ilipopandisha kiasi kila mwaka juu ya makadirio yaliyofanywa na mtaalamu, isiruhusiwe kutumia kanuni ya wastani dhidi ya mteja huyo.