Barua ya Sifa Bila Namba Haiuzi

Wafanyabiashara wenzangu, leo niseme kuhusu ushuhuda wa wateja, maana mimi umeshaniaibisha.

Nauza mtandaoni mifuko ya kuhifadhia mahindi, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na nafundisha wakulima kuitumia. Chama kimoja cha ushirika kiliniandikia barua: "Mafunzo yalikuwa mazuri mno, tumenufaika sana." Nikaiposti kwa furaha. Mteja mmoja akaja inboksi: "Wamenufaika nini hasa?" Sikuwa na jibu.

Nikampigia katibu wao. Nikamwambia, kaka, sifa zinatosha, niandikie kilichomo kwenye daftari la ghala. Barua ya pili ikaja hivi:

"Tulifundishwa siku moja, wanachama 22. Tulijifunza kupima ukavu wa mahindi: unaweka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, unatikisa, chumvi ikinata kwenye kioo unarudisha mahindi juani. Tulijifunza pia kufunga kila mfuko wa ndani peke yake. Agosti tuliweka mifuko 40. Tulipofungua Februari, 37 haikuwa na dumuzi wala ukungu. Miwili ilitobolewa na panya na mmoja haukufungwa vizuri. Yote mitatu iliingia wadudu. Magunia 10 ya kawaida yaliyokaa ghala hilohilo bila dawa yalibunguliwa yote. Daftari lipo ofisini, karibuni mlione."

Chini kuna tarehe, saini ya mwenyekiti na mhuri.

Katibu alikuwa ameongeza kwamba mafunzo yangu yamewapandishia bei. Nikamwomba aifute hiyo. Bei ya mahindi kwao hupanda kuelekea Februari kwa sababu ya mavuno kupungua sokoni, siyo kwa sababu yangu. Nilichowasaidia ni kuwa na mahindi safi ya kuuza wakati huo. Ningeiacha ile sentensi, mkulima yeyote angeisoma na kujua nadanganya, halafu asingeamini hata ile 37.

Na ile mitatu iliyoharibika? Wengi tungeificha. Kwangu ndiyo iliyoleta maswali ya maana: "Panya nawazuiaje?" Najibu: safisha ghala, weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, ikague mara kwa mara. Anayeuliza hivyo ameshaanza kujiona anautumia.

Kwa hiyo mteja akikwambia "nimefurahi", usikimbilie kuposti. Muulize: kabla ilikuwaje, umetumia muda gani, ngapi zimefaa, ngapi zimeharibika na kwa nini, na hayo yameandikwa wapi? Kisha omba ruhusa ya kuiweka hadharani.

Barua yangu ya kwanza nimeshaifuta. Wewe yako inasemaje?