Motokaa Iliyotumika Isikilizwe Ingali Baridi



Baada ya mavuno ya kahawa huja ofisini kwangu watu wa vigango wakiomba niwaandikie hati za mauzo: shamba, ng'ombe, na siku hizi motokaa. Mwaka huu alikuja mzee mmoja na fedha zake ndani ya bahasha, shilingi milioni 8, jasho la nyumba nzima la miaka mitatu. Alitaka niandike hati ya kununua Probox iliyotumika, apate kuchukulia mizigo ya jirani na kulipia karo ya wanawe wawili. Nikamwuliza, "Mzee wangu, umeisikiliza injini asubuhi, kabla haijaguswa na mtu?" Akasema, "Nimeisikiliza mchana, mwanangu. Inanguruma vizuri." Basi nikaweka kalamu chini. Leo nataka niwaeleze kwa nini.

Motokaa ikilala usiku kucha, oili nyingi huteremka na kukaa chini ya injini katika karai lake. Vyuma navyo hupoa na kusinyaa, nafasi kati ya chuma na chuma huwa kubwa kidogo kuliko wakati wa joto, na mipira ya kuzuia oili huwa migumu. Ukipiga starta, injini hufanya kazi kwa sekunde chache kabla oili haijafika juu. Katika sekunde hizo hapana cha kuficha ubovu. Injini ikishapata moto, vyuma hutanuka, oili huenea kila mahali, na ugonjwa mwingi hunyamaza. Kwa hiyo anayenunua motokaa iliyokwisha kupashwa moto amenunua mbuzi ndani ya gunia.

Tulikwenda na mzee kwa mwenye gari saa 2 asubuhi, kama walivyopatana. Kabla ya kusema lolote baada ya salamu, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Mwenye gari akasema aliisogeza kidogo tu kutoka uani. Huenda ni kweli, lakini sisi tulikuwa hatuna la kutazama siku ile. Tukamwomba kwa heshima asiiwashe tena, tukatandika katoni kubwa iliyofunguliwa chini ya injini, tukaahidi kurudi kesho yake kabla ya jua. Ewe msomaji, fanya hivyo hivyo. Muuzaji mwema hatachukia kungojewa siku moja.

Kesho yake tulifika saa 12 asubuhi, boneti ikiwa na umande. Kwanza tukavuta ile katoni. Matone hujitambulisha kwa rangi na kwa vidole. Ya kahawia au nyeusi, yenye utelezi, ni oili ya injini. Mekundu yenye utelezi mara nyingi ni oili ya gia za kujiendesha au ya usukani. Ya kijani au ya waridi, mepesi kama maji, ni maji ya rejeta yenye dawa yake. Tuliona matone matano ya kahawia upande mmoja wa injini, kila moja sawa na punje ya hindi. Uvujaji wa namna hiyo peke yake haukatazi kununua, maana mara nyingi ni mpira au gasketi ndogo. Lakini injini yenyewe ilikuwa imeoshwa ikang'aa kama sahani. Katika barabara zetu za vumbi, injini ya miaka mingi inayong'aa hivyo imefutwa alama zake. Bila katoni tusingaliona kitu.

Pili tukatazama ndani, injini ingali imezimwa. Tulivuta kijiti cha kupimia oili, tukakifuta, tukakirudisha, tukakivuta tena. Kina alama mbili, na oili yapasa kusimama kati yake. Ya gari lile iligusa ncha tu, chini ya alama ya chini. Kisha tukafungua kifuniko cha kujazia oili na kutazama upande wake wa ndani. Ukiona povu jeupe kidogo kama maziwa mgando, usikate shauri upesi. Katika nchi za baridi, gari la safari fupi fupi hufanya hivyo kwa unyevu tu. Lakini kama oili ya kwenye kijiti nayo ni kama chai ya maziwa, basi maji ya rejeta yamechanganyika na oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua. Uliache gari hilo. Kifuniko cha rejeta nacho hufunguliwa wakati wa baridi tu, maana cha moto hurusha maji yachemkayo na kumwunguza mtu uso. Oili isiwe inaelea juu ya maji hayo.

Tatu ndipo huja kuwasha. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja kwenye usukani na mmoja nyuma ya gari, na ifanyike nje, si ndani ya banda, kwa kuwa moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wa kwenye usukani azungushe ufunguo bila kupiga starta, atazame taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili. Yapasa iwake. Kama haiwaki, huenda imeng'olewa ili isiseme. Halafu apige starta. Taa ile yapasa kuzimika katika sekunde mbili tatu. Ikikawia, oili haipandi inavyotakiwa.

Mimi nilisimama nyuma, nikamweka mzee karibu na boneti. Injini ikashika. Palepale bomba likatoa moshi wa buluu, ukaelea kwa nusu dakika hivi, kisha ukaisha. Na mzee akasema, "Nimesikia kitu kama mnyororo wa baiskeli uliolegea." Nami niliusikia, kra-kra-kra, sekunde tatu au nne, kisha kimya.

Tuuchukue kwanza ule moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu na kukoma, mara nyingi sili za valvu zimekauka, na oili iliyodondoka usiku ndani ya silinda ndiyo inayoungua. Hilo hutengenezwa bila kubomoa injini yote. Ukiendelea hata injini ikipata moto, na kuzidi kila unapokanyaga mafuta, basi ringi za pistoni zimekwisha, na hapo ni kufungua injini nzima. Moshi mweusi ni petroli inayozidi, na kwa kawaida dawa yake si ghali. Moshi mweupe nitausema baadaye kidogo, maana ndio uwatishao watu bure.

Na mlio je? Probox ya injini ya 1NZ haina mkanda wa kuendesha valvu, ina mnyororo. Mnyororo huo hukazwa na kifaa kinachosukumwa na oili. Oili ikiwa haijafika, au mnyororo ukiwa umerefuka kwa kuchakaa, hulegea na kupiga kelele mpaka oili ije. Sasa hapa palikuwa na mashaka mawili: je, mnyororo umechakaa, au ni upungufu wa oili tu? Njia ya kutenganisha ni rahisi. Tulimwomba mwenye gari aongeze oili ifike alama ya juu, ikachukua karibu lita moja, nasi tukarudi asubuhi ya tatu. Taa ilizimika upesi, lakini mnyororo ulilia vilevile, na moshi ukatoka vilevile. Basi kosa halikuwa upungufu wa oili peke yake. Kwa kuwa injini ilikuwa ikila oili bila kuongezwa, mnyororo nao ulikuwa umechakaa kwa kukosa oili. Ubovu mmoja ulizaa wa pili. Mnyororo ukiruka meno, valvu zaweza kugongana na pistoni, na injini ikafa njiani na mzigo.

Usichanganye mlio huo na milio mingine. Kugonga kwepesi kwa tiki-tiki kunakopungua joto likipanda mara nyingi ni valvu zinazotaka kurekebishwa. Lakini kugonga kuzito kwa du-du-du kutoka chini, kunakozidi ukikanyaga mafuta, na kusikokwisha injini ikipata moto, ni beringi za krenki. Hapo usijadiliane bei, sema kwaheri.

Mzee alihuzunika, maana alikuwa amekwisha kulipenda gari. Fundi tuliyemwita alisema matengenezo yake yangekula sehemu kubwa ya karo ya mwaka. Mwenye gari hakutaka kupunguza kiasi hicho. Tukaagana kwa amani.

Baada ya majuma mawili akapata jingine, la namna ileile, limechubuka rangi na kiti kimechanika. Tukatandika katoni, tukaenda alfajiri. Lilipowashwa likatoa moshi mweupe mwingi, na mzee akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hili ni baya kuliko lile." Nikachukua kitambaa cheupe, nikakishika hatua moja nyuma ya bomba. Kikalowa maji safi, bila doa la oili wala harufu tamu. Huo ulikuwa mvuke wa unyevu uliolala ndani ya bomba, kama pumzi ya mtu siku ya baridi. Baada ya dakika chache ukaisha. Kama ungaliendelea hata injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yakipungua, hapo ingalikuwa ile gasketi ya silinda hedi. Injini ilinguruma juu mwanzoni, ikashuka taratibu ilipopata joto, kama ipasavyo. Katoni ilikuwa kavu. Tuliiacha inguruke dakika 20, tukatazama kipimo cha joto, tukavuta tena kijiti baada ya kuizima na kungoja kidogo. Oili ilikuwa pale pale. Hati nikaiandika siku ileile.

Jambo moja la mwisho. Wako wauzaji wanaotia oili nzito sana ili kunyamazisha milio na kupunguza moshi. Kwa hiyo chovya kijiti: oili ikining'inia kama asali na kukataa kudondoka, uliza imetiwa nini. Na jueni kwamba asubuhi ya baridi huisema injini tu. Gia, breki na chesisi hujaribiwa barabarani, mlimani, pamoja na fundi.

Mzee sasa hupita hapa kila Jumanne na magunia ya viazi. Kila asubuhi, ameniambia, hutazama chini ya gari kabla ya kuliwasha. Katoni ile ile bado anayo.

Wasalaam,
Karani wenu