Sekunde Tatu Zinaweza Kumgeuza Msemaji

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Bariadi, niliombwa nitoe klipu fupi kwenye mahubiri ya dakika hamsini. Nikajiona fundi, kumbe bado.

Mchungaji alikuwa amesema hivi: "Ukisomesha binti, umetupa ng'ombe!" Watu wakacheka. Akanyamaza kidogo, halafu akaendelea: "Ndivyo tunavyosema. Sasa nani alimpeleka mama yako hospitali mwaka jana? Si yule binti mliyesema mmetupa ng'ombe kumsomesha?"

Mimi nikaanza klipu na ule mshtuko wa kwanza, maana tunaambiwa sekunde tatu za mwanzo ndizo zinazomzuia mtu asipite. Nikaweka na maandishi makubwa. Tatizo ni kwamba wengi huangalia stetasi bila sauti, na hawafiki mwisho. Hawakusikia kicheko wala kejeli kwenye sauti yake. Walisoma sentensi moja tu, na jioni mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi mchungaji anakataza mabinti kusoma?" Nilijisikia vibaya sana.

Niliifuta, nikakata upya kuanzia "Nani alimpeleka mama yako hospitali?" Swali hilo linamshika mtu vilevile, na sentensi inayofuata inabeba hoja nzima. Ndiyo kanuni ninayoitetea: mtu akiondoka baada ya sentensi ya kwanza, je, ameondoka na msimamo wa msemaji au wa anayepingwa? Kama ni wa anayepingwa, sogeza mkasi mbele.

Kwenye sauti nako nilizidisha. Mvua ilikuwa ikipiga bati, nikavuta kipunguza kelele mpaka mwisho. Mvua ikapungua, lakini sauti ya mchungaji ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya maji, na herufi za "s" zikapotea. Nilipoirudisha hadi mvua ikasikika kwa mbali, maneno yakaeleweka. Mwangwi wa ukuta ndio hautoki kirahisi. Dawa yake ni kuweka simu karibu na msemaji siku ya kurekodi, siyo kuediti.

Maandishi ya kujiandika yenyewe nayo yasiaminiwe. Huku wahubiri huchanganya Kiswahili na Kisukuma. Aliposema "ng'wana", yaani mtoto, programu iliandika "wana". Mtoto mmoja akawa kundi. Nikaandika kwa mkono, mistari miwili tu kwa wakati mmoja, nikisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Wenzangu wa ualimu, sisi ndio tunaokata mihadhara na kuirusha kwenye magrupu kabla ya mtihani. Lekchara huanza na kosa ili alisahihishe. Ukikata kwenye kosa, kuna mtu atalikariri na kwenda kulijibia mtihani.