Simu ya Faragha Baada ya Mnada

Upo utapeli ambao haumwendei mzembe wala mwenye pupa, bali humwendea mtu aliyefanya mambo yake kwa utaratibu akashindwa. Ameingia mnadani kihalali, ametaja bei yake, mwenziwe akapandisha zaidi, naye akakubali yaishe. Siku mbili baadaye simu yake inalia. Sauti ya upole inamwambia kwamba yule aliyeshinda ameshindwa kulipa, kwa hiyo mali ni yake yeye aliyekuwa wa pili, kwa bei ileile aliyoitaja, ila malipo yafanyike leo na yapelekwe kwenye namba atakayopewa.

Twaandika haya tukiwafikiria zaidi wenzetu wa Unguja, Pemba na Mafia. Sehemu kubwa ya mizigo na magari yanayonadiwa yamo katika yadi za Dar es Salaam, ama upande wa Temeke, huko Kurasini na Mbagala, ama upande wa Kinondoni, Mwenge mpaka Tegeta na Bunju. Mkaazi wa Mbagala akiambiwa gari lipo, hupanda daladala akaenda kulitazama. Mkaazi wa Chake Chake hana daladala ya kumfikisha. Ana simu yake tu, na katika simu hiyohiyo ndimo iliyomo fedha yake. Tapeli analijua hilo vyema.

Asili ya hila hii si kwetu. Ilizaliwa katika minada ya mtandao ya ng'ambo, hususan ule wa eBay ulioanza mwaka 1995. Kule ipo nafasi ya halali kabisa iitwayo, kama inavyosomeka kwenye kioo, Second Chance Offer. Mwuzaji ambaye mnunuzi wake hakulipa, au mwenye kitu cha pili kinachofanana na kile kilichouzwa, anaruhusiwa kumwendea mmoja wa walioshindwa na kumpa bidhaa kwa bei ya juu aliyoitaja mwenyewe. Anaweza kufanya hivyo ndani ya siku 60 tangu mnada kufungwa, na aliyepewa hupata muda wa siku moja, tatu, tano au saba kukubali au kukataa.

Matapeli waliona mlango hapo. Siku hizo majina ya wote waliotaja bei yalionekana na kila mtu, pamoja na bei zao. Asiyekuwa na gari wala kamera aliweza kuusoma mnada wa mtu mwingine, akawaandikia walioshindwa barua pepe inayofanana na za mtandao wenyewe, akawataka walipe kwa Western Union. Kati ya mwaka 2006 na 2007 wenye mtandao wakaanza kuyafunika majina ya washindani ili mtu wa nje asiweze kuwatambua. Kufunika huko kulisaidia, lakini hila yenyewe haikufa. Ilichofanya ni kutafuta njia nyingine ya kupata majina.

Njia hizo huku kwetu ni nyingi, tena rahisi. Mnada wa hadhara husikika na kila aliyesimama pale. Siku ya kukagua mali watu huandika majina na namba zao katika daftari lililoachwa wazi mezani. Wengine hujitangaza wenyewe katika makundi ya simu: "Nimefika milioni tisa, bado wananipita." Yapo pia mashaka, ambayo hatuwezi kuyafumbia macho, kwamba mara nyingine habari hutoka kwa mtu wa ndani.

Hata hivyo tapeli hahitaji sana habari ya ndani. Mnada wenye washindani kumi na wawili una mshindi mmoja na walioshindwa kumi na mmoja. Akiwapigia wote kumi na wawili na kumwambia kila mmoja kwamba yeye ndiye wa pili, amekosea kwa mmoja tu. Kumi na mmoja waliobaki wataona maneno yake yanaoana na yaliyowakuta, na kila mmoja atadhani ameitwa peke yake. Ndiyo maana simu hiyo daima ni ya faragha, na ndiyo maana mpigaji husisitiza: "Usimwambie mtu, wapo wengine wanaolitaka."

Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Mtu wa Pemba ametaja shilingi 9,400,000 kwa gari dogo lililomo yadini Temeke. Limekwenda kwa 10,100,000. Simu inakuja: mshindi ameanguka, gari ni lako kwa bei yako. Anatakiwa kulipa asilimia 25, yaani 2,350,000, kabla ya saa kumi jioni. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo. Matangazo mengi ya minada nchini husema hivyohivyo, asilimia 25 papo hapo na zilizobaki ndani ya siku 14, kwa hiyo sikio la msikilizaji limekwisha kuzoea. Anapelekewa picha ya gari, ambayo ni ileile ya tangazo la mnada, na karatasi yenye nembo na mhuri. Namba ya kulipia ni ya simu ya mtu binafsi, nayo inaelezwa kuwa ni ya "mhasibu wetu".

Analipa. Kesho yake anaambiwa zipo gharama za kuhifadhi gari, 480,000. Analipa tena, kwa kuwa anaogopa kupoteza ile ya kwanza. Kisha anaombwa 7,050,000 zilizobaki, na hapo ndipo anapanda boti kuja Dar es Salaam. Yadini anakuta gari limechukuliwa zamani na mshindi wake, aliyelipa siku ileile ya mnada. Hakuna aliyeanguka. Shilingi 2,830,000 zimekwenda, na nauli juu yake.

Katika mfano huo palikuwa na jambo moja ambalo lingemwokoa, nalo ni kuuliza: mshindi akishindwa kulipa, taratibu za mnada huu zasemaje? Kwa mali inayouzwa kwa amri ya mahakama, jawabu limo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Mnunuzi hutakiwa kuweka asilimia 25 mara tu anapotangazwa, na asipofanya hivyo mali hurudishwa mnadani iuzwe upya. Hakuna mahali ambapo mali humteremkia aliyekuwa wa pili kwa njia ya simu. Kwa hiyo anayekupigia kuhusu nyumba ya Tegeta iliyonadiwa na dalali wa mahakama, akisema umeirithi nafasi ya mshindi, amekwisha kujitaja alivyo kabla hajataja fedha.

Kwa mali ya Serikali ipo alama nyingine. Malipo ya Serikali hupita katika mfumo ulioanza kutumika mwaka 2017, ambamo kila deni hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu waiitayo kontroo namba. Fedha inayolipwa kwa namba hiyo huingia katika akaunti ya taasisi, haiingii katika simu ya mtu. Mhasibu wa Serikali anayetaka alipwe kwenye laini yake, hata akiwa ni mhasibu kweli, anatenda kosa. Na simu nazo husaidia: kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji huonekana. Likiwa ni jina la mtu, na si la taasisi inayonadi, mkono na usimame hapohapo.

Anayenunua katika mitandao ya ng'ambo ana kipimo chake. Nafasi ya pili ya kweli huonekana ndani ya akaunti yake kwenye mtandao wenyewe, katika sanduku la ujumbe, na hulipiwa humohumo. Asiifungue kwa kiungo alicholetewa na barua. Aufungue mtandao mwenyewe, aingie, atazame. Isipokuwemo, haipo. Tena ajue kwamba ulinzi wa mnunuzi unaotolewa na mtandao ni wa malipo yaliyopita ndani yake tu. Anayelipa nje ameuacha ulinzi huo mlangoni, hata kama mwuzaji alikuwa mwaminifu.

Hatusemi kwamba kila simu baada ya mnada ni ya uongo. Mtu binafsi aliyenadi gari lake yuko huru kumpigia wa pili akamwambia wa kwanza amekimbia, na biashara ya namna hiyo si haramu. Lakini hiyo si mnada tena, ni mauziano ya watu wawili, na masharti yake ni ya kawaida: nenda ulione, au mtume ndugu aliyeko Kinondoni akalione kwa niaba yako, hakikisha kadi ya gari na mwenye gari, kisha ndipo fedha itoke. Mwuzaji wa kweli hukasirika kidogo akiambiwa asubiri hadi Jumamosi. Tapeli hukata simu.

Sasa twawageukia waheshimiwa wa ofisi zinazonadi. Twadhani tangazo la kila mnada lingepaswa kusema wazi, kwa mistari miwili tu, litakalofanyika mshindi asipolipa na kama ofisi itampigia mtu yeyote simu au haitampigia. Daftari la wakaguzi lisiachwe mezani. Matokeo yabandikwe, ili aliyeko Mkoani au Kilindoni aweze kujua kuwa mali imekwisha kulipiwa. Haya hayahitaji bajeti.

Na kwa jeshi la polisi tuna ombi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, isipokuwa kifungu cha 50, inatumika Tanzania Bara na Zanzibar pia, na udanganyifu wa kutumia mitandao ni kosa ndani yake. Hakuna sababu ya mtu aliyetapeliwa akiwa Wete kuambiwa avuke bahari akashitaki Temeke kwa kuwa fedha ilitolewa huko. Apokelewe alipo, na kituo kiwasiliane na kituo.

Kwa aliyekwisha kutuma, saa ya kwanza ndiyo yenye faida. Apige simu kwa kampuni yake ya simu mara moja akaombe muamala uzuiwe, kwani fedha iliyotolewa kwa wakala hairudi. Ujumbe wa tapeli aupeleke kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano ili laini hiyo ishughulikiwe. Asiufute ujumbe hata mmoja, wala ile karatasi ya mhuri, wala ujumbe wa muamala wenye namba na jina la aliyepokea. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ukamilishwe mwaka 2020, kila laini ina jina nyuma yake. Mara nyingi jina hilo ni la mtu aliyesajiliwa laini bila kujua, au aliyeiuza kwa elfu chache. Huyo naye ahojiwe, kwani anayemfahamu aliyempa fedha hizo ndiye atakayeweza kumtaja.